Ile Aya Haiguswi

Mama alikuwa amelala kwenye benchi ya zahanati pale Muthetheni, mate yanamtoka hayakomi, na mimi nimesimama mlangoni nimeshika karatasi niliyoipanga kwa mikono yangu mwenyewe, napiga namba iliyo chini yake. Simu ikasema mteja hapatikani. Nikapiga tena. Mteja hapatikani. Nyuma yangu daktari alikuwa ananiuliza, "Mama, hiyo dawa ya mahindi ilikuwa na nini ndani?" na mimi mwenyewe tumbo linanikata, jasho linaniingia machoni, jina lake silikumbuki.

Nilikuwa na namba nyingine. Ya afisa wa mauzo. Alikuwa ameniandikia kwa simu yake siku tuliyopanga hiyo karatasi, ndiyo maana nilikuwa nayo. Hiyo akaishika.

"Ni oda?" akaniuliza. Nilisikia ngoma na vigelegele nyuma yake.

"Ni mimi, wa saiba. Mamangu anakufa. Kwa ile dawa yenu ya unga kuna nini?"

"Madam, niko harusi."

"Nakuuliza kuna nini ndani!"

"Si usome karatasi? Kila kitu kiko pale." Akakata.

Daktari akanyoosha mkono, nikampa karatasi. Akaisoma yote, mbele na hata nyuma ambako hakukuwa na kitu, halafu akasema maneno ambayo mpaka leo nayasikia kichwani. Akasema, "Basi hii si shida ya dawa ya mahindi. Hapa imeandikwa ni ya mimea, haina madhara. Nyinyi mmekula chakula kimeharibika." Akatuwekea maji ya chumvi na sukari, akatupa vidonge vya tumbo. Saa zikaenda na hayo maji.

Sasa nieleze ilikotoka hiyo karatasi, kwa sababu watu wameieleza kwa njia yao na mimi sijapewa nafasi.

Mimi shule niliachia darasa la saba. Kompyuta nilifundishwa kanisani, mafunzo ya akina mama, na baadaye nikapata kazi kwenye saiba moja, duka la kompyuta na uchapaji, Machakos mjini, karibu na stendi. Kazi yangu ni kuchapa. Barua za kuomba kazi, programu za mazishi, kadi za harusi, mitihani ya chekechea. Mteja akisema weka hapa, naweka hapa. Akisema toa, natoa. Mchapaji si mwenye maneno. Mwenye maneno ndiye anayesaini rasimu kabla haijatoka kwenye printa.

Wakaja watu watatu kutoka kampuni ndogo ya Kyumbi, ile ambayo miaka yote ilikuwa ikiuza majivu yaliyochanganywa na mwarobaini, ya kuwekea mahindi yasiingiwe na dumuzi. Mkurugenzi, mwanaume mzito wa koti. Afisa wa mauzo, kiatu chake kimechongoka, simu mbili mkononi. Na fundi wa kuchanganya, ambaye vidole vyake vilikuwa vimekauka na kupasuka kama udongo wa Agosti. Walikuwa na dawa mpya. Walitaka karatasi moja tu ya maelezo, upande mmoja, igawiwe siku ya soko Masii pamoja na mifuko ya kujaribia.

"Karatasi moja," mkurugenzi akasema. "Mkulima hasomi ya pili."

Tukaanza juu. Jina la dawa kwa herufi kubwa, chini yake mstari mmoja wa kusema ni kitu gani. Halafu kichwa, Mambo Muhimu, na vitone. Inaua dumuzi. Inakaa msimu mzima. Haiharibu rangi ya mahindi. Inafaa mahindi, maharagwe na mbaazi. Afisa wa mauzo alikuwa anavisema huku anazunguka nyuma ya kiti changu, na kila kitone kikiingia anapiga vidole. "Hapo! Hapo umenifurahisha, madam."

Fundi wa kuchanganya akatoa kikaratasi mfukoni. Alikuwa na mambo yake mawili. Jina la kemikali iliyo ndani, na maneno ya kuwaambia watu wasile nafaka hiyo mpaka wiki kadhaa zipite, na wakila waoshe. Nikayaingiza, lile jina la Kizungu herufi kwa herufi bila kulielewa. Yakawa vitone virefu viwili, na ukurasa ukamwagika, mistari ya mwisho ikaruka ikaenda karatasi ya pili.

"Ona sasa," mkurugenzi akasema. "Imevuka."

Nikapunguza maandishi. Akasema yamekuwa ya sisimizi, mzee wa Masii hataona. Nikabana kando. Akasema inaonekana kama gazeti la kufungia nyama. Nikamwambia basi kitu lazima kitoke.

Ya chini ndiyo ilikuwa imekula nafasi. Kulikuwa na aya ndefu, Kuhusu Sisi, ile aya ambayo kampuni hubandika chini ya kila karatasi yake, iwe ni kalenda, iwe ni risiti. Afisa aliileta tayari kwenye simu, nikainakili vile ilivyo. Inasema kampuni ilianzishwa kwa neema ya Mungu, inapenda mkulima, na mwishoni inasema bidhaa zetu zote zimetengenezwa kwa mimea na hazina madhara kwa binadamu wala mifugo. Hiyo iliandikwa wakati wa majivu na mwarobaini. Ilikuwa kweli wakati huo.

Fundi akasema polepole, "Mkubwa, hii ya chini tungeipunguza."

"Ile aya haiguswi," mkurugenzi akasema. "Iko kwa kila kitu chetu. Iko kwa gari. Iliombewa siku ya kufungua kampuni, mchungaji akaisoma mbele ya watu. Wewe utaikata kwa sababu ya wiki ngapi za kungoja?"

Afisa akacheka. "Boss, na tena ukimwambia mkulima angoje, atarudi kwa majivu yake. Hivi vitone viwili ni vya lebo. Lebo inakuja."

"Inakuja lini?" fundi akauliza.

"Inachapishwa Nairobi. Wacha wasiwasi, kwani wewe ni nabii?"

Wakacheka wote wawili. Fundi akaangalia kikaratasi chake, akakikunja, akakirudisha mfukoni. Afisa akanigusa bega, "Toa hizo mbili, madam." Nikatoa. Ukurasa ukarudi mmoja, ukakaa vizuri.

Ikabaki sehemu ya mawasiliano. Jina la mkurugenzi na cheo, sanduku la posta, barua pepe, Kyumbi barabarani, na simu. Simu waliyoweka ilikuwa laini mpya ya oda. Mimi nilikuwa nimeweka na saa za kazi, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa sababu ndivyo walivyonitajia. Afisa akazitoa. Alisema zinaonyesha kampuni ndogo. Hiyo laini ilikuwa inakaa ndani ya droo, inawashwa asubuhi na karani na kuzimwa akienda nyumbani. Haya nilikuja kuyajua kwa karani mwenyewe, siku ya mazishi, akiwa analia.

Mkurugenzi akasaini rasimu. Alisaini kwa furaha, mkia wa sahihi ukafika mpaka kwenye ile aya.

Lebo haikuwahi kuja. Siku ya soko Masii waligawa unga kwenye mifuko ya plastiki isiyo na kitu, karatasi imepigwa stapula juu. Mama alikuwa huko kuuza kuku. Akapewa. Akabeba nyumbani, akafurahi sana, kwa sababu aliona kazi ya binti yake. Nilipofika Jumamosi alinionyesha kabla hata sijakaa.

"Si hii ni ya kwenu, mwaitu?" Ndivyo alivyoniita siku zote, "mama" kwa Kikamba, kwa sababu nina jina la mamake. "Nimesoma yote. Imesema ni ya miti. Nimetia mahindi na maharagwe, nimetia vizuri kabisa, si kidogo kidogo kama majivu."

"Umetia kwa mkono?"

"Kwani nitatia kwa mguu?" Tukacheka.

Jumapili baada ya kanisa akapika isyo, yale mahindi na yale maharagwe, sufuria moja. Alipepeta tu, hakuosha, maji ni ya kununua wakati huo na aliyekula mwarobaini miaka yote hana cha kuogopa. Mimi vile vitone viwili nilivichapa na kuvifuta kama kazi nyingine yoyote, havikunijia kichwani; nilikula kidogo kwa sababu tu nilikuwa na haraka ya kurudi mjini. Yeye alikula sahani, akaongeza. Kwa hiyo mimi niko hapa naandika.

Jioni walipotuhamishia hospitali kubwa Machakos, daktari wa huko hakuuliza karatasi. Alimfunua mama macho, akayamulika kwa tochi, akaona mboni zimekuwa kama tundu la sindano, akapaza sauti aletewe sindano ya kukata sumu. Ikadungwa yeye, ikadungwa mimi. Mimi nikaamka. Mama alikuwa amechelewa. Muuguzi mmoja aliniambia kwa upole kwamba tungefika mchana, mama angepona.

Mazishini walikuja. Mkurugenzi alileta sukari na mchele, akashika kipaza sauti, akasema kampuni inaomboleza na familia, na kwamba kulikuwa na makosa ya uchapaji ambayo yanafuatiliwa. Makosa ya uchapaji! Mbele ya jeneza la mamangu, watu wote wakanigeukia mimi. Shangazi yangu akaniuliza kwa Kikamba, mbele za watu, kama ni kweli nilikosea kuandika. Mwenye saiba alingoja siku za msiba ziishe, akanipigia akasema wateja wanaogopa, nipumzike kidogo. Bado napumzika.

Nilienda polisi. Wakaniambia nilete shahidi aliyesikia maneno yale ndani ya saiba. Walioyasikia ni watatu. Mmoja ameyasema, mmoja ameyacheka, mmoja amenyamaza. Fundi nilimfuata mpaka Kyumbi, akatoka getini, hakuniangalia. "Dada, mimi niko na watoto," akasema. Nikamwambia na mimi nilikuwa na mama. Akafunga geti taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mgonjwa.

Dawa bado inauzwa. Siku hizi ina lebo.

Sitaki sukari. Sitaki mchele. Wewe mkurugenzi uliyeipenda sifa ya kampuni kuliko tumbo la mkulima, na wewe afisa uliyenigusa bega ukasema toa, na wewe fundi uliyekunja ukweli ukautia mfukoni, nawauliza nyinyi watatu, kwa vyeo vyenu kwa sababu majina yenu mnayajua. Simameni Masii siku ya soko, mahali palepale mlipogawa, mchukue kile kipaza sauti, mwambie watu ni nani aliyeamuru ile mistari itolewe. Mkishindwa nyinyi, basi aliyewapa leseni ya kuuza aje asimame badala yenu. Mama yangu ameuawa na nani? Jibuni.