Picha ya Ghorofa ya Nne

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ndiye anayesimamia ujenzi wa jengo letu la fleti. Kila mwisho wa mwezi huwatumia wawekezaji taarifa ya maendeleo pamoja na picha inayopigwa kutoka palepale nje ya geti, ili waone jengo lilivyopanda. Mimi huisoma kwanza, maana kampuni ina jina la mume wangu.

Mwezi huu zege la ghorofa ya nne halikumwagwa. Mhandisi alikuta nondo zimeachana mno, akaagiza zipangwe upya. Lakini kwenye picha niliona jengo limerefuka ajabu.

"Shemeji, hii ulipigia wapi?"

"Palepale, shemeji."

"Palepale umelala? Mbona mlinzi amekuwa mrefu kuliko geti?"

Akacheka, akapangusa vumbi kwenye tumbo la shati. "Nilijilaza kidogo tu. Wakisikia tumekwama watanitafuna mzima mzima!"

"Wakutafune wewe, jina la kaka yako waliache."

Akarudi getini, akapiga picha akiwa amesimama wima. Chini yake tukaandika kwamba nondo zinapangwa upya, na zege litamwagwa mhandisi akishazikagua na kuridhika.

Wa kwanza kujibu alikuwa muuguzi mstaafu aliyewekeza kwenye fleti ya ghorofa hiyohiyo: "Asanteni. Mimi ndiye nitakayelala juu ya hizo nondo. Msiharakishe."

Shemeji akalisoma jibu mara mbili, akashusha pumzi, kisha akaenda kubadilisha shati.