Maneno ya Chini ya Picha ya Kunde

Mama mkwe wangu hakuwa mtu wa kuombwa mbegu kwa haraka. Ukifika barazani kwake, kijiji cha kwanza ukitoka Kisarawe kwa njia ya Maneromango, kwanza unamwamkia, kisha unakaa, kisha unaulizwa. Shamba lako liko wapi, bondeni au mlimani? Maji ya mvua hukaa au hupita? Mwaka jana ulipanda nini hapo? Jirani yako anafunga mbuzi wake? Ukijibu vibaya unapewa uji na kurudishwa kwenu mikono mitupu. Ukijibu vizuri anaingia ndani, anateremsha kibuyu kilichokaa juu ya meko, anakuchotea kunde zilizochanganywa na majivu ili zisibunguliwe, nawe huruhusiwi kusema ahsante. Mbegu ukiishukuru, alisema, inaona kazi yake imekwisha.

Mimi nilikuwa mke wa mwanawe mkubwa, mwenye duka dogo pale Kisarawe mjini. Nilikuwa na ulimi mkali na madarasa manne ya shule, na vyote viwili alivitaja kila alipotaka kunikera. Lakini tulipendana. Nasema hivyo wazi kwa sababu tulivyokuwa tukijibizana, watu wa kupita njia walidhani tutashikana.

Kunde zake zilikuwa nyekundu, zenye kijicho cheupe, na miche yake hutambaa mpaka ifunike ardhi yote. Ukizipika kwa nazi, jirani atakuja kuazima chumvi asiyoihitaji. Alizipata kwa bibi yake, naye bibi kwa bibi yake, na aliziita kunde za bibi, basi.

Sifa zake zikamfikia tajiri mmoja wa Dar es Salaam, aliyekuwa akiuza mbegu na majembe na kuyasambaza kwa lori kwenye maduka yote, kwetu, Mlandizi hadi Soga kwenye stesheni. Alikuwa mtu mwema, mcheshi, mwenye haraka. Akamwambia mume wangu kwamba anataka mbegu ile aizalishe kwenye shamba lake, kisha aiuze. Juu ya kila gunia dukani kutatundikwa picha, na chini ya picha maelezo: hii ni mbegu gani, inafaa wapi, ipandwe vipi.

Mama mkwe alikubali kwa sababu mwanawe ndiye aliyemwomba. Akatoa kibuyu kizima. Tulishangaa sote, maana tulijiandaa kwa vita.

Siku ya picha alikataa katakata uso wake kupigwa. Alisema hana kawaida ya kutundikwa dukani kama nyama. Mwisho wakapatana: ungo wenye kunde, na mikono yake miwili ikiushika. Mikono tu. Kidole chake kidogo cha kushoto kilipinda, alikivunja utotoni kwa mchi, na kwenye picha kinaonekana vizuri kabisa.

Yakabaki maelezo. Tajiri alikuja nayo tayari yameandikwa kwenye karatasi, akanipa nisome. Yalisema hii ni mbegu bora kuliko zote, hustawi popote, panda mvua zianzapo.

Nilisoma mara moja damu ikanichemka. Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa nilizipanda kunde zile mwanzo wa masika, pamoja na mahindi, kwa ujuaji wangu tu. Zikanywa mvua yote, zikaota majani msitu mzima, na maganda ukiyatafuta utayahesabu. Mama mkwe hakunigombeza. Alikuja kuchuma majani kila jioni, akila mboga na kucheka, msimu mzima. Tangu hapo najua kwamba kunde zile hupandwa masika yakielekea mwisho, ili zikue kwa mvua ya mkiani na zikauke kwenye jua.

Basi nikamwambia tajiri kwamba maneno yake yakitundikwa hivyo, Soga yote itakula majani. Yeye hakukasirika. Alisema kama ninajua zaidi niandike mimi, ila yawe mafupi, nafasi chini ya picha ni ndogo, na lori lake linapita tena Ijumaa.

Nikachukua karatasi nikaenda kwa mama mkwe. Nilidhani atafurahi. Kumbe alikuwa amenuna tangu kibuyu kilipoondoka, ila hakuna aliyetambua. Kila nilichouliza alinijibu kwa neno moja, akipepeta mchele ambao ulishapepetwa. Nilipouliza kama niandike mwezi wa tano, akauliza mwezi wa nani, wa Wazungu au wetu, na tangu lini mvua ikasoma kalenda. Angalia mahindi, akasema. Mahindi ya masika yakianza kutoa mbelewele, yale maua ya kileleni, tia kunde ardhini. Nikaandika hivyo.

Kazi ile ilituchukua sehemu kubwa ya siku. Nikimkwaruza ananikwaruza. Nilitaka kuandika kina cha shimo, akainua vidole viwili. Nilitaka kuandika nafasi kati ya mistari, akasimama, akapiga hatua moja uani, akakaa. Kutoka shimo hadi shimo, akatandaza shubiri. Mwisho nikamsomea yote kwa sauti:

"Kunde ya Kisarawe. Punje nyekundu, kijicho cheupe. Hutambaa na kufunika ardhi. Yafaa udongo wa kichanga usiotuamisha maji; hustahimili jua. Usitie samadi nyingi, itazaa majani. Panda masika yakielekea mwisho, mahindi yanapotoa mbelewele. Shimo la vidole viwili, punje mbili au tatu. Shimo hadi shimo shubiri moja, mstari hadi mstari hatua moja. Palilia kabla haijatambaa na usiipalilie ikitoa maua. Vuna maganda yakikauka. Mbegu ya mwakani hifadhi kwa majivu. Mbegu bora kuliko zote."

Lile la mwisho lilikuwa la tajiri. Nililiacha kwa heshima yake.

Mama mkwe akaendelea kupepeta. Nikauliza kama kuna kosa. Akasema hakuna, yote ni sawa, nimeandika vizuri. Hakuwahi kunisifu tangu anijue, na sifa ile ilinitia wasiwasi. Kisha akauweka ungo chini.

"Yote yamo," alisema. "Basi mimi nitaulizwa nini?"

Niliangalia baraza lile. Mkeka uliochakaa pale pale wanapokaa wageni. Mtungi wa maji na kata yake. Mume wake alikwishakufa, wanawe walikuwa mjini, na binti zake wameolewa mbali. Waliomjia ni watu wa mbegu. Walikuja na ndizi au kuku, maana mkono mtupu haulambwi, walikuja na habari za vijiji, wakakaa, wakaulizwa, wakajibu. Mimi ndiye niliyekuwa nimeyakusanya maswali yake yote na kuyafunga kwenye kipande cha karatasi. Nilimhurumia, na kwa kuwa mimi si mtu wa kulia mbele ya mama mkwe, nikamkaripia kwamba jua linazama na hajala.

Usiku ule sikuifuta hata sentensi moja ya upandaji. Mtu wa Soga hana kosa, naye anataka kunde si majani. Lakini niliwaza habari ya udongo. Maelezo yalisema udongo wa kichanga. Na mwenye mfinyanzi je? Na mwenye bonde? Hayo hayaingii kwenye karatasi, hata ungepewa ukuta mzima. Asubuhi nikalikata lile la mbegu bora kuliko zote, na mahali pake nikaandika: "Shamba lako likiwa la namna nyingine, muulize mwenye mbegu, njia ya Maneromango."

Ijumaa tajiri alisoma akakuna kichwa. Alitaka sifa yake irudi. Nikamwambia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Akacheka, akakunja karatasi, akapanda lori. Mama mkwe sikumwambia kitu.

Masika yaliyofuata, mbegu ikiwa imeshazaliana, picha zilitundikwa madukani. Na mahindi hayajafika magotini, akatokea mwanamke wa Soga. Alikuja kwa miguu na kwa lori la mkaa, na ndani ya pindo la kanga alikuwa na bonge la udongo mweusi. Alisema maelezo ya dukani yamemwambia amuulize mwenye mbegu.

Nilikuwapo siku ile. Mama mkwe aliutia maji kidogo, akausokota kati ya viganja, ukatoka kamba ndefu isiyokatika. Akamwambia yule mwanamke huu ni wa mpunga, maji yatakaa humu. Akitaka kunde lazima ainue matuta na apande juu yake. Kisha akamuuliza habari za jirani na mbuzi. Yule mgeni alipoondoka, mama mkwe alinigeukia.

"Nani aliandika wanijie?"

"Tajiri," nilisema.

"Mwongo mkubwa," akasema, akaingia jikoni akiimba.

Baada ya hapo hakuvumilika. Walikuja wa Mlandizi, wa Pangani ile ya kwetu Kibaha, wa bonde la Ruvu, kila mmoja na udongo wake ndani ya kitambaa, jani la mgomba, hata ndani ya kofia. Alijaza pembe ya baraza kwa mabonge, akayapa majina ya wenyewe, na akanisimulia mimi, mwenye duka na watoto, tabia ya kila bonge. Mume wangu alisema mama yake amekuwa bwana shamba. Mimi nilisema afadhali bwana shamba, huenda likizo. Lakini mgeni njoo, mwenyeji apone: mwanamke aliyeanza kuzeeka kwa kununa alizeeka kwa kucheka.

Alifariki mwaka mmoja kabla ya masika, baada ya homa fupi. Mimi na binti zake ndio tuliomwosha. Nilipofika kwenye mkono wa kushoto nilikishika kile kidole kilichopinda, nikachelewa kukiachia mpaka wifi yangu akanigusa bega.

Tulikuwa bado na matanga, watu wamejaa, nami nimekaa barazani pake kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi. Akaja kijana mmoja, mgeni, ambaye hakujua kama pana msiba, akadhani ni shughuli. Akaamkia. Alitoka Mlandizi, ameoa karibuni, amepewa shamba na baba yake. Mkononi alikuwa na kifurushi cha jani la mgomba.

Akanitazama mikono. Nikajua anatafuta kidole cha pichani, na nikaificha ndani ya kanga bila kukusudia.

"Shikamoo, mama," alisema tena, kwa wasiwasi. "Wewe ndiye mwenye mbegu?"

Ndani wanawake walikuwa wakimsomea marehemu. Nilitaka kumwambia kwamba mwenye mbegu nimemwosha kwa mikono yangu, arudi kwao. Nikaangalia lile bonge, jekundu, lina mizizi midogo bado.

"Marahaba, mwanangu. Ndiye mimi," nikasema. "Kaa hapo. Shamba lako liko bondeni au mlimani?"