Njia ya Vitabu ya Mjomba

Mjomba wangu alikuwa afisa mipango mjini Lindi, mtu wa kupanga hata viatu mlangoni. Enzi zile za vijiji vya ujamaa niliomba kusoma shahada ya pili ya uchumi wa maendeleo. Chuo kikanijibu kwamba shahada yangu ya kwanza ni ya historia, hivyo nitahojiwa kwanza. Nikishindwa kujadili maandishi ya wataalamu, nafasi atapewa mwingine. Nikahamia kwa mjomba, mtaa wa Rasbura, likizo nzima.

Alitandaza vitabu vyake mkekani, akaniambia nichague pa kuanzia. Kwa ujanja wangu nikachukua makala ya jarida, nikiamini chenye kurasa chache ndicho chepesi. Kumbe hesabu tupu! Jioni nilishafunga sanduku nirudi kwetu Mchinga.

Mjomba alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwanangu, hao waandishi wameanza kubishana zamani, wewe ndiyo kwanza unabisha hodi. Tujue kwanza wanagombania nini."

Akapanga upya. Kwanza kitabu kinene cha utangulizi: pato la taifa, akiba, uwekezaji, biashara ya nje. Kisha vitabu viwili vinavyopingana, kimoja kikidai nchi maskini zimechelewa tu njiani, kingine kikidai biashara ya dunia ndiyo iliyozifanya maskini. Baada ya hapo vya nadharia, na kila asubuhi hesabu kidogo, nilizozichukia kama dawa ya minyoo. Majarida mwisho. Na sivuki hatua mpaka nimweleze nilichosoma kwa Kiswahili kitupu. Nilimpenda kwa ukaidi ule, ingawa siku nyingine nilitamani kumtupia kitabu.

Kwenye nadharia nikafika kwa mtaalamu aliyesema kuwa vijijini watu wamezidi kazi iliyopo, hata wengine wakienda viwandani mavuno hayapungui. Nilieleza vizuri, halafu nikasita.

"Lakini mjomba, msimu wa korosho kwetu mikono haitoshi. Wakiondoka hao, nani ataokota?"

Alisimama. Akanipa ile makala iliyonitoa jasho siku ya kwanza. Ilikuwa inauliza swali hilohilo: watu hao ni wa ziada mwaka mzima, au nje ya msimu tu? Safari hii niliisoma polepole, nikaielewa.

Kwenye usaili nilibishana na maprofesa kuhusu korosho mpaka mmoja akasahau chai yake. Nikapata nafasi.

Niliporudi Lindi kuaga, mjomba hakuuliza habari za usaili. Aliuliza chuo kimenipangia kitabu gani kwanza. Nikamwonyesha. Alifungua, akapitisha kidole kwenye kurasa za hesabu, akakifunga taratibu.

"Hiki sijawahi kukisoma," alisema. "Nami hapa sifiki." Akavuta mkeka, akaketi. "Haya, mwalimu. Mimi utanianzisha na kipi?"