Fomu Niliyomsomea Shangazi

Wewe unayetafuta kazi ya kutafsiri, nisikilize kidogo. Mradi mmoja wa utafiti wa malaria hapa Ifakara ulinipa jaribio la kazi: kutafsiri kutoka Kiingereza fomu ya ridhaa, ile ambayo mtu husomewa kabla ya kukubali kushiriki utafiti. Kabla ya kuirudisha, nilimsomea shangazi yangu, mkulima wa mpunga huko Lupiro.

“Umeelewa nini, shangazi?”

“Kwamba mtanitoa damu.”

“Na ukitaka kukataa?”

Akacheka. “Mwanangu, umebembeleza hivyo, nani atakataa?”

Kwa adabu, nilikuwa nimeilainisha haki yake ya kukataa mpaka haionekani. Nikaandika upya: “Unaweza kukataa, na utatibiwa kama kawaida.” Kazi nikaipata.

Nawe, kabla ya kukabidhi tafsiri, msomee mtu asiyejua Kiingereza, kisha mwombe akueleze alichoelewa.