Moshi Ulipohamia Mkono wa Kulia

Meza yangu ya viazi karai iko mlangoni pa duka la michezo ya kompyuta hapa Ukunda, kwa hivyo nimewaona vijana wakipigana risasi, wakifa na kufufuka, mpaka nimezoea. Mjukuu wangu wa kike ni mmoja wao. Alipokuwa mdogo aliungua mkono wa kushoto kwa mafuta. Kidole cha mwisho na cha pete vikajikunja, havikunjuki hata uvibembeleze. Akabaki na gumba, cha shahada na cha kati.

Nahodha wa timu yao, kijana wa bara, alikuwa amebakisha nafasi moja ya kwenda kushindana Mombasa. Mjukuu wangu aliitaka hata chakula hakimshuki. Siku moja nahodha akanijia mezani, akaniambia kwa ile sauti yake ya puani, "Shosho, si ubaya, msichana wako analenga fiti sana. Lakini akirusha moshi anasimama, na akisimama anadedi. Sasa nitafanya aje?"

"Kwanza niamkie," nikamwambia, "ndio unitukanie mjukuu."

"Shikamoo, shosho."

"Marahaba. Haya, tukana."

Lakini alisema kweli. Katika mchezo huo, kutembea kuna herufi zake upande wa kushoto wa kibodi, na kurusha moshi wa kujifichia na maujanja mengine kuko kwenye herufi zinazozizunguka. Mwenye vidole vyote, kimoja kinakwenda kurusha, vingine vinaendelea kutembea. Wangu, cha shahada kikiondoka, hakuna wa kukishikia zamu. Anasimama katikati ya njia kama mbuzi wa kijijini Mkongani aliyeona lami.

Mwenye duka, mtu wa upole wa kukera, akafungua ule ukurasa wa kubadilisha vibonye. "Tutausogeza moshi karibu, inshallah, taratibu." Akauweka kwenye herufi ya jirani. Mtoto akafa. Akauweka upande wa pili. Akafa. "Inshallah," anasema, "inshallah." Kidole kilikuwa kile kile, kusogezewa kazi hakukukizalia ndugu.

Nikawapelekea viazi. Mjukuu wangu, macho kwenye kioo, akanyoosha mkono wa kushoto kupokea sahani.

"Wa kushoto!" nikamfokea. "Tangu lini? Kwetu wa kulia ndio unaopokea, unaolisha, unaosalimu watu. Wako umekalia hicho kipanya kama bi harusi, na huyu mgonjwa ndiye mtumishi wa nyumba nzima!"

Wallahi, mimi nilikuwa nagombania sahani tu. Yeye akakiangalia kipanya, kisha akaniangalia mimi.

"Bibi, hebu sema tena."

Nikasema tena, na madoido juu. Akamgeukia mwenye duka. "Kaka, hivi vibonye viwili vya pembeni mwa kipanya vinafanya nini?"

"Vipo tu. Hapa wengi hawavigusi."

"Basi moshi uweke kwenye hiki. Ule mwanga wa kuwapofusha maadui uweke kwenye hiki cha pili."

Hapo akachangamka, akaanza kuamrisha. Gumba la kushoto likapewa ule ubao mrefu wa chini ya kibodi, ndio kwenda mbele. Cha kati kushoto, cha shahada kulia, herufi mbili zinazogusana; kurudi nyuma, cha kati kinapanda herufi moja. Kuchuchumaa kukawa kubonyeza mara moja, si kushikilia. Kompyuta ikauliza jambo, mwenye duka akakubali bila kusoma, mtoto akaingia mazoezini, akafika kwenye sanduku, akakwama. Haruki! Kumbe ubao ule ndio uliokuwa wa kuruka, na kuruka kumebaki bila kibonye. "Lo, inshallah," akasema mwenye duka. Wakahamishia kuruka kwenye gurudumu la kipanya.

Siku za mwanzo nilicheka mpaka nikaunguza viazi. Gumba lilikuwa na mazoea yake. Mtoto akitaka kuruka, anakimbilia mbele, tumboni kwa maadui. Hakuacha. Kila siku, mpaka likatii.

Siku ya kujaribiwa, nahodha akamweka upande wake. Wenzake wakafa wote, akabaki peke yake na maadui wawili. Nikaacha karai, nikaenda kuchungulia. Mkono wa kushoto umetulia kama umelala. Huku anakimbia, kidole gumba cha kulia kikabonya, moshi ukaruka, naye hakusimama hata kidogo! Akaingia ndani ya moshi, akatokea ubavuni mwao. Mmoja chini. Akachuchumaa. Wa pili chini.

Duka likalipuka kwa kelele, nami nikarudi mezani. Nahodha akapanda juu ya kiti: "Wueh! Ameirusha akikimbia! Shosho, umeona?"

"Sikuona, nilikuwa nageuza viazi. Hebu nionyeshe."

Akashuka, akamwigiza: akanikimbilia na kuchuchumaa mlangoni, mzima mzima, watu wa barabarani wanamtazama.

"Shosho, tumchukue Mombasa?"

"Mwulize mwenyewe, mdomo haukuungua."

Mjukuu wangu akainuka, kidevu juu kuliko cha nahodha. "Nitakwenda. Lakini kompyuta ya huko isiguswe na mtu, mpaka niweke vibonye vyangu kwanza."

"Sawa, mkubwa," akasema nahodha.