Ukurasa Mmoja na Mtungi wa Maji

Shule ya binafsi kule Buruburu ilikuwa ikitafuta mwalimu wa hesabu. Mbali na vyeti, walitaka ukurasa mmoja wa mkono wangu mwenyewe: falsafa yangu ya ufundishaji, pamoja na mifano ya mambo yaliyotokea darasani. Mimi nilikuwa nikifundisha shule ya umma Kariobangi, watoto themanini na wawili chumba kimoja, na nilikuwa nimechoka kusahihisha madaftari bila kuyasoma. Kazi ile niliitaka sana.

Nusu ya kwanza niliiandika bila taabu. Niliinyofoa kwenye noti zangu za chuo: mtoto ni kiini cha somo, mwalimu ni mwelekezi tu. Ilisomeka vizuri mno, na ingeweza kuandikwa na mwalimu yeyote aliyewahi kukaa chuoni. Ndipo nikafika kwenye mifano.

Nikatoa maandalio yangu ya masomo ya miaka minne. Mwishoni mwa kila andalio kuna nafasi ya maoni, ambapo mwalimu hueleza, baada ya kipindi, somo lilikwendaje. Nilikuta nimeandika "Lengo limefikiwa." Ukurasa uliofuata, "Lengo limefikiwa." Miaka minne ya malengo yaliyofikiwa! Ukweli ni kwamba maoni tuliyaandika Jumapili pamoja na andalio lenyewe, kabla hata ya kufundisha, ili mkaguzi akitokea asikute pengo. Wote tulifanya hivyo, na hakuna aliyeona ajabu.

Kwa hiyo sikuwa na mfano hata mmoja, ila somo nililolikumbuka kwa sababu liliniudhi. Lilikuwa somo la ujazo, darasa la nne, mwaka uliotangulia. Niliuliza: chupa za nusu lita ngapi zitajaza mtungi wa lita ishirini? Msichana wa dawati la nyuma, ambaye mama yake aliuza njugu sokoni, alijibu arobaini na tatu. Darasa likacheka. Nikamwambia aandike alivyofanya kwenye daftari, naye akaandika jibu tu. Nikalipiga mkasi mwekundu, alama ya kosa. Andalio la siku hiyo nalo lilisema lengo limefikiwa.

Nikaandika hayo yote, na maoni ya Jumapili pia. Mwenzangu tuliyeketi naye meza moja katika chumba cha walimu aliusoma ukurasa mara mbili.

"Wewe unatafuta kazi ama unatubu?" akaniuliza. "Hii ukipeleka hivi, umejichoma."

Niliogopa, sikatai. Lakini nilipourudia ukurasa nikaona kwamba nikiondoa sehemu ile, kinachobaki ni noti za chuo. Nikaupeleka kama ulivyo.

Mwalimu mkuu wa Buruburu, mama mmoja aliyevaa miwani yenye mnyororo, aliniita kwa mahojiano. Ukurasa wangu ulikuwa mbele yake. Hakuuliza juu ya falsafa.

"Huyu mtoto alipataje arobaini na tatu?"

"Sijui, madam."

"Ulimuuliza?"

"Hapana."

"Uliupima huo mtungi?"

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Akanirudishia ukurasa wangu.

"Kapime," akasema. "Halafu uniandikie upya."

Jumatatu nilibeba mtungi na kikombe cha nusu lita hadi bombani, watoto wakinifuata. Darasa la tano sasa, lakini walikuwa walewale. Tulihesabu kwa sauti. Kwenye arobaini maji yalifika begani mwa mtungi, pale kiwanda kinapohesabia lita ishirini. Tukaendelea. Cha arobaini na tatu kiliyafikisha mdomoni, na cha arobaini na nne kikamwagikia viatu vyangu.

Msichana yule hakushangilia. Yeye ndiye aliyejaza mtungi wa kwao kila asubuhi kwa kopo la nusu lita.

"Si nilikuambia, ticha," akasema.

Niliuandika upya ukurasa ule. Safari hii noti za chuo hazikuwemo. Niliandika kwamba jibu ambalo sikulitarajia nitaliuliza limetoka wapi kabla ya kushika kalamu nyekundu, na kwamba maoni nitayaandika baada ya kipindi. Baada ya wiki tatu nikapata barua: nianze muhula ujao.

Siku yangu ya mwisho Kariobangi msichana yule alinifuata mlangoni.

"Ticha, ile kosa uliniwekea, utanitolea?"

Nikamwambia alete lile daftari nilisahihishe.

"Haiko," akasema. "Ilijaa, mathe akafungia watu njugu."