Mkufu na Bangili Katika Mizani Moja

Mtaani walimwita Futi, kwa sababu ile futi ya kupimia nguo haikumtoka shingoni hata siku za kwenda msibani. Alikuwa fundi cherehani wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye macho makali na ulimi unaolingana nayo. Gauni likikubana, kosa lilikuwa lako uliyenenepa baada ya kupimwa, na ukibisha angekupima upya mbele ya wateja wengine mpaka ukome. Watu walimlalamikia na bado walirudi, maana nguo zake zilikaa mwilini.

Alishonea chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake. Chumba cha nyuma alilala mama mwenyewe, ambaye tangu ateleze bafuni na kuvunjika nyonga hakuweza kusimama. Futi hakuwa na nguvu za kumnyanyua. Aliyekuwa nazo ni mdogo wake, dereva wa lori, pande la mtu ambaye mlango wa nyumba hiyo aliupita ubavu ubavu. Kila asubuhi kabla ya kuondoka na mzigo, na kila jioni akirudi, alikuja kumbeba mama bafuni na kumrudisha kitandani, akimtania kwamba katika shehena zote alizowahi kupakia, hii ndiyo pekee inayompangia njia ya kupita.

Hospitali walikuwa tayari kumpasua mama na kumtia chuma, ila fedha za familia hazikufika. Mama akaagiza dhahabu yake iuzwe, mkufu wa ndoa yake na bangili aliyojinunulia mwenyewe alipokuwa bado na nguvu za kufanya biashara. Dereva ndiye aliyetumwa kwa mnunuzi wa dhahabu, aulize bei kabla ya kuuza chochote. Jioni alirudi na dhahabu ikiwa ndani ya kifuko kilekile cha kitambaa, akasema vyote viwili vimefika gramu arobaini, akaitaja bei aliyopewa.

Futi hakusema asante wala pole. Alivuta meza ya kukatia, akachukua chaki ya kuchoria nguo na kuanza kuandika mezani.

Hesabu hii alikuwa ameigharamia. Zamani, alipoachika na watoto wadogo, aliuza herini zake za ndoa kwa bei ya viatu vya plastiki, kwa kuwa mnunuzi alimwambia zimechakaa na yeye akaamini kwamba dhahabu huchakaa. Alilia wiki nzima. Baadaye sonara mmoja aliyeleta suruali zipunguzwe alimcheka, kisha akamhurumia, akamfundisha. Karati ishirini na nne ni dhahabu tupu. Karati ishirini na mbili ni sehemu ishirini na mbili za dhahabu kati ya ishirini na nne, zilizobaki ni shaba na madini mengine ya kuipa ugumu. Kwa hiyo chukua uzito, uzidishe kwa karati, ugawe kwa ishirini na nne, na utajua ndani ya pambo lako mna gramu ngapi za dhahabu yenyewe. Hizo ndizo zinazolipiwa. Tangu siku hiyo Futi hakusahau, na hakumwamini tena mtu yeyote aliyeshika dhahabu ya mwenzake.

Alitoa mkufu na bangili na kuvisogeza kwenye taa ya cherehani. Kwenye kishikizo cha mkufu paligongwa muhuri wa 916, yaani karati ishirini na mbili. Ndani ya bangili paligongwa 750, karati kumi na nane. Akapaza sauti kumuuliza mama kama anakumbuka uzito wa bangili. Mama akajibu kutoka chumbani kwamba ni gramu kumi na sita, na kwamba yeye nyonga ndiyo iliyovunjika, kichwa kizima.

Basi mkufu ulikuwa gramu ishirini na nne. Mara ishirini na mbili, gawa kwa ishirini na nne, ndani yake mna dhahabu tupu gramu ishirini na mbili. Bangili, kumi na sita mara kumi na nane, gawa kwa ishirini na nne, gramu kumi na mbili. Jumla thelathini na nne. Duka lile lilikuwa limebandika kwenye kioo kwamba hukata tano kwa mia kwa ajili ya kuyeyusha na kusafisha, na Futi aliona hilo ni haki ya mtu kula jasho lake. Ukitoa hiyo, zinabaki gramu thelathini na mbili na sehemu tatu za kumi. Kisha akachukua bei aliyoileta mdogo wake, akaigawa kwa bei ya gramu moja ya dhahabu tupu ya siku ile. Ikatoka ishirini na nane na nusu.

Akarudia. Ikatoka vilevile.

Hapo ndipo alipokumbuka mambo mawili kwa mpigo. Alikumbuka fedha za mabati ambazo mdogo wake alizichukua mwaka mmoja akaahidi kuzirudisha na hazikuonekana hadi leo. Akakumbuka pia kwamba asubuhi ile lori lilikuja na matairi mawili mapya ya mbele, meusi, yanang'aa, na matairi hukopwa. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja kichwani mwake vizuri mno.

"Gramu tatu na sehemu nane zimepotea njiani," alisema bila kuinua macho. "Zimeingia mfuko wa nani?"

Dereva aliikodolea macho ile hesabu ya chaki kama mtu anayesomewa barua ya lugha asiyoijua. Aliuliza dada yake ana maana gani. Futi akamwambia wazi kwamba bei aliyopewa dukani ni kubwa kuliko aliyoileta nyumbani, na kwamba kesho alitaka kwenda kuuza, abaki na tofauti. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi. Kitanda cha mama kililia kidogo, kisha kikanyamaza.

Dereva hakujitetea, na Futi akaona kunyamaza huko ni kukiri. Aliingia ndani akambeba mama bafuni, akamsubiri, akamrudisha, safari hii bila utani wowote. Alipotoka alikisogeza kile kifuko mpaka mbele ya cherehani.

"Nenda wewe, dada," alisema, akaondoka.

Usiku huo mama alikataa chakula, akasema hana njaa. Futi alikaa na chaki yake, akiisoma hesabu tena na tena, akitafuta kosa na wakati huohuo akiomba asilione.

Asubuhi alifika dukani wanapandisha vyuma vya mlango. Lilikuwa duka jembamba lenye kioo kinene mbele ya kaunta na kitundu cha kupitishia mkono. Nyuma ya kioo alikaa mnunuzi, mwanamume mkimya mwenye miwani ya kuvalia kwenye paji la uso, na mbele yake mizani ndogo iliyofunikwa kwa kikombe cha kioo ili upepo usiiguse. Futi hakutoa kifuko. Aliuliza kwanza kama anamkumbuka dereva mkubwa aliyekuja jana na mkufu na bangili.

Mnunuzi alimkumbuka. Mtu wa ukubwa ule hasahauliki.

"Ulimpa bei gani?"

Akaitaja. Ilikuwa ileile, mpaka tarakimu ya mwisho.

Futi alishika ukingo wa kaunta. Kwa muda hakuona mizani, hakuona kioo, aliona tu mgongo wa mdogo wake ukitoka mlangoni ubavu ubavu. Aliona aibu, aibu nzito ya kumjaa mpaka masikioni, na aibu hiyo ikageuka hasira, na hasira ikamkuta mnunuzi yuko karibu.

Alimuuliza dhahabu ile aliihesabu karati ngapi. Mnunuzi akajibu bila kubabaika kwamba alihesabu kumi na nane. Futi akakamilisha mwenyewe kimoyomoyo: arobaini mara kumi na nane, gawa kwa ishirini na nne, thelathini, toa tano kwa mia, ishirini na nane na nusu. Ndiyo hiyo. Hakuna aliyeiba gramu yoyote njiani. Zilikuwa zimepotelea hapa, juu ya mizani.

"Mkufu ni ishirini na mbili," alisema. "Una muhuri."

"Mama, muhuri hata bati linagongwa," mnunuzi alijibu. "Huyo ndugu yako aliniambia pima yote kwa pamoja, nipe jumla. Vitu vikija mchanganyiko, mimi huangalia cha karati ya chini, kikiwa kumi na nane, vyote navilipa kumi na nane. Angesema nitenganishe, ningetenganisha."

Futi akaelewa kila kitu, na kuelewa huko kukamuuma kuliko tusi. Mdogo wake alishinda maisha yake yote kwenye mizani za barabarani, ambako lori hupanda zima, na matofali na mchele na dereva mwenyewe, na kinachoandikwa ni jumla. Ulimwengu wake ndivyo ulivyopimwa. Yeye Futi, aliyejua kwamba hariri na kaniki hazikatwi kwa kipimo kimoja, ndiye angepaswa kumwambia, na hakumwambia.

"Basi tenganisha sasa," alisema. "Na huo mkufu upime mbele yangu."

Mnunuzi alishusha miwani. Alisugua mkufu kwenye jiwe jeusi ukaacha mstari wa njano, akadondosha juu yake tone la maji ya tindikali ya karati ishirini na mbili. Mstari ungefifia, mkufu wa ndoa wa mama yake ungekuwa wa uongo na hesabu yake yote upuuzi. Mnunuzi alisubiri. Mstari ulibaki njano ileile. Akaweka mkufu peke yake mizanini, ishirini na nne. Akaweka bangili, kumi na sita. Akabonyeza kikokotoo, akanung'unika kwamba muhuri wa 916 ni pungufu ya ishirini na mbili kamili kwa unywele, Futi akamwambia unywele huo amwachie yeye. Akalipwa gramu thelathini na mbili na sehemu tatu. Mnunuzi hakuomba radhi, na Futi hakuwa na haki ya kuidai radhi kwa mtu yeyote asubuhi ile.

Alimkuta mdogo wake kwenye uwanja wa malori, amelala chini ya injini, miguu nje. Mwenye lori alikuwa amesimama kando akimweleza mtu bei ya yale matairi mawili aliyoyanunua. Futi aliisikia, akaimeza.

Aliinama akamwita. Dereva akajivuta nje, mikono imejaa grisi, akakaa chini. Futi alimweleza yote, jinsi vitu vilivyopimwa pamoja, jinsi mkufu ulivyosimama, na kwamba bei aliyoileta ilikuwa kweli tupu. Akamwambia amemkosea, akamwomba msamaha. Kisha akamnyooshea mkoba wa fedha ahesabu mwenyewe.

Dereva hakuugusa.

"Dhahabu uliisogeza kwenye taa ukatafuta muhuri," alisema taratibu. "Mimi ulinipimia wapi, dada?"

Huyu ni mtoto ambaye Futi alimlea mgongoni mwake.

Dereva alijifuta mikono kwenye tambara, kidole kimoja kimoja, akiangalia matairi yasiyo yake.

"Mama ameshaenda bafuni leo?" aliuliza.

"Bado. Anakungoja wewe."

Akainuka, akatangulia njia ya nyumbani bila kumngoja, na Futi akamfuata nyuma na mkoba wake, akitembea haraka asiachwe mbali.